Kilo Sabini kwa Gunia

Nilitoka Buzuruga asubuhi moja bila mpango wowote. Kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku tatu, lakini nilimwachia mwenye nyumba ufunguo dirishani, nikaenda stendi na begi moja. Kondakta mmoja alikuwa anaita Usagara. Nilikuwa nimepita Usagara mara nyingi nikienda kwingine, sikuwahi kushuka, na jambo hilo lilikuwa limeanza kunisumbua. Nikapanda.

Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, shule niliacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimebeba mizigo, nimeosha magari, nimeanika dagaa, na kwa miaka miwili nimesaga unga wa watu Mwanza mjini. Kazi ya mashine niliipenda kuliko zote kwa sababu unaweza kuifungua ukaona ndani.

Usagara nilikunywa chai, nikauliza kama kuna mashine ya kusaga inayotafuta mtu. Mama wa chai akanielekeza kwenye kijiji kilicho mbele kidogo, kwenye chama cha wakulima kilichonunua mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, na fundi wao alikuwa ameondoka kuoa akasahau kurudi. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimepata kazi.

Aliyenipokea ni mhazini wa chama, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi na miwili, mjane, mwenye daftari la jalada gumu chini ya kwapa muda wote. Nilimwamkia shikamoo dada, akaitikia marahaba, akanitazama viatu.

"Unajua kusaga, au unajua kusema unajua?"

"Najua vyote, dada."

Akacheka kidogo, akanionyesha mashine kutokea mlangoni. Hakuingia. Alikuwa na pumu, na vumbi la chumba kile lingeweza kumlaza wiki nzima. Kwa hiyo alipima mahindi mbele, yakiingia, na alipima unga nyuma, ukitoka. Katikati palikuwa pangu peke yangu.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Chama kilinunua mahindi ya wanachama, kikayasafisha, kikayakoboa, kikayasaga, kikaufunga unga kwenye mifuko yenye picha ya jembe, na kuuza madukani hadi Mwanza. Wanachama wenyewe nao waliununua hapo hapo kwa bei ya gharama, bila faida. Ndiyo ilikuwa ahadi ya chama tangu mwanzo: mwanachama hatauziwa unga kwa faida.

Wiki yangu ya pili alikuja mwanamama mwenye sherehe ya mahari nyumbani. Akafungua mfuko, akamwaga unga kiganjani, akakunja uso.

"Huu unga mbona umechoka? Nitawapa wakwe zangu ugali wa rangi ya udongo?"

Haukuwa mbaya. Ulikuwa umekobolewa mara moja, kama ulivyokuwa ukikobolewa kabla yangu. Lakini maneno yale yaliniuma, maana ulikuwa kazi ya mkono wangu. Jioni ile nilichukua mahindi yaliyokwisha kukobolewa, nikayarudisha kwenye mdomo wa mashine mara ya pili, ndipo nikayasaga. Unga ulitoka mweupe hadi nikasimama kuutazama. Kesho yake mwanamama yule aliupaka mkononi kama poda, akapiga vigelegele pale pale dukani. Wengine wakauliza ni unga gani ule. Tangu siku hiyo nikawa nakoboa mara mbili. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna niliyemwambia. Watu wakawa wananisalimia barabarani kwa jina la Mweupe, ingawa mimi ni mweusi kama sufuria, na nilijisikia mtu wa mahali pale.

Miezi ikapita. Ndipo maneno yakaanza, kwanza dukani, kisha kanisani baada ya ibada. Walioyabeba walikuwa wengi, lakini aliyeyatengeneza alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mizani ya kununulia pamba. Alikuwa anajua hesabu na anajua wizi wa mizani, na hakuna alichokipenda kama kuvieleza pamoja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Chama kinanunua mahindi kwa shilingi mia sita kilo. Gharama za gunia la kilo mia, kuanzia umeme hadi mifuko, mhazini mwenyewe amebandika ukutani kuwa ni elfu kumi na saba. Jumla elfu sabini na saba. Gawanya kwa kilo mia, unapata mia saba na sabini.

"Sasa tunauziwa elfu moja," alisema, akiwa amekaa kwenye benchi la dukani. "Bei ya gharama! Hizo mia mbili na thelathini zinaenda wapi? Mimi siulizi kwa ubaya. Nauliza zinaenda wapi."

"Zinaenda kupaka rangi nyumba," akajibu mtu, na watu wakacheka. Mhazini alikuwa ametoka kupaka rangi ukuta wa mbele wa nyumba yake, chokaa tu, kwa ajili ya mwanaye aliyekuwa anarudi likizo.

Alisikia. Alikaa siku mbili na daftari lake, akaandika barua kwa wanachama wote, na kabla ya kuipeleka kuchapwa Usagara aliniita mimi nje ya chumba cha mashine akanipa niisome.

"Wewe uliishia la sita," alisema. "Ukielewa wewe, wataelewa wote. Usinifurahishe. Pasipoeleweka niambie."

Ninaikumbuka karibu yote. Ilianza kama barua zinavyoanza, kwamba kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kichwa kilikuwa GHARAMA YA KILO MOJA YA UNGA. Kisha ikawa barua ya mtu anayezungumza. Ilisema:

"Ndugu wanachama, hesabu inayozunguka imegawanya gharama kwa kilo za mahindi. Lakini hatuuzi mahindi, tunauza unga. Gunia la kilo mia likisafishwa, mchanga, magunzi na punje mbovu vinaondoka kilo tatu. Zinabaki tisini na saba. Tukikoboa, pumba zinatoka kilo ishirini na tano, na kilo mbili zinapotea kwa vumbi. Unga unaobaki ni kilo sabini. Pumba tunawauzia wafugaji kwa shilingi 280 kila kilo, ndiyo elfu saba. Tukiitoa kwenye elfu sabini na saba, inabaki elfu sabini. Elfu sabini kwa kilo sabini ni shilingi elfu moja. Hakuna aliyekula. Aliyekula ni pumba na vumbi."

"Umeelewa?" aliuliza.

"Nimeelewa, dada."

"Wapi hujaelewa?"

"Pote nimeelewa."

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza nililojua kuwa ni kosa. Maana nilikuwa naijua ile sabini ilikotoka. Siku moja mhazini alipokwenda Mwanza kununua mifuko, nilikuwa nimetumia mizani yake kujipimia, kwa udadisi tu. Nilikoboa gunia moja mara moja, nikasaga, nikapima. Unga ulikuwa kilo sabini na nane, pumba kumi na saba. Zile kilo nane nilikuwa nazigeuza pumba mwenyewe, kila gunia, ili unga uwe mweupe. Yeye aliandika sabini kwa sababu mizani ya nyuma ilisema sabini, na mizani haikumdanganya; ilifungwa baada ya ile sherehe ya mahari, kwa hiyo hakuwa na namba ya zamani ya kulinganisha. Nilishika karatasi ile, nikaona zile namba zimepangwa kwa mwandiko wa kulala, nikamrudishia.

Barua ilichapwa, nikaigawa mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba kwa baiskeli ya chama. Kwa wengine niliisoma kwa sauti. Nilipofika kwa mzee wa pamba aliisoma mwenyewe mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Kugawa ameshinda," alisema. "Kweli, mimi niligawa kwa mahindi. Hapo nimekosea." Akavua miwani. "Lakini hii sabini nani kaiona? Kwenye pamba tulikuwa tunaandika tunachotaka. Nataka kuiona hiyo sabini kwa macho."

Ikaamuliwa pawe na jaribio. Gunia moja, mbele ya watu, Jumatano asubuhi. Mwenyekiti wa chama alisema waziwazi: ikitoka sabini, mhazini aachwe na kazi yake, isipotoka, mkutano wa Ijumaa umwondoe, na jina lake lipelekwe kwa ofisa ushirika. Mhazini alikubali kabla hajamaliza kusema.

Usiku ule wa Jumanne sikulala vizuri, lakini sitasema nilikuwa nawaza mambo makubwa. Nilikuwa nawaza mashine. Nikikoboa mara moja, itatoka sabini na nane, na mbele ya watu hamsini atakuwa mwizi wa kilo nane kila gunia tangu nilipofika. Nikikoboa mara mbili, itatoka sabini, na atasafika. Niliona njia ya pili ni nzuri kwa kila mtu. Niliiita kumsaidia.

Jumatano walijaa hadi kwenye uzio. Wafugaji walikuja, wenye duka walikuja, hata yule mwanamama wa mahari alikuja na stuli yake. Mzee wa pamba alipima gunia mwenyewe, akaondoa jiwe dogo lililonasa kwenye sahani ya mizani na kuwaonyesha watu, ameliinua juu kama kuku aliyekamatwa.

"Lilikuwa la nani hilo?" mtu aliuliza.

"La mizani," akasema mzee. "Hata mizani inanenepa."

Mhazini naye aliingia chumba cha mashine. Sikutegemea. Alikuwa amejifunga kitenge puani na mdomoni, macho tu yakionekana, na mzee alipomwita mama kwa Kisukuma na kumwambia, "Mayu, kaa nje, kifua chako," alitikisa kichwa. Alisema ni barua yake, atasimama nayo.

Nilisafisha. Kilo tatu. Nililowesha kidogo, nikasubiri, nikakoboa. Mahindi yakatoka manjano kidogo kwenye ncha, yamebaki na kiini, pumba zikatiririka upande wa pili. Nikazima. Nikainua ndoo ya mahindi yale, nikamimina tena kwenye mdomo wa mashine.

"Mbona unarudisha?" mzee aliuliza.

"Ndiyo kawaida yetu, mzee," nilisema. "Mara mbili."

Sikumtazama mhazini, lakini nilimsikia. Pumzi yake chini ya kitenge ilikatika, kisha ikarudi na mlio mwembamba. Nikawasha mashine.

Unga ulitoka kilo sabini na nusu. Pumba ishirini na nne na nusu. Mzee wa pamba alisoma mizani, akapangusa, akasoma tena, halafu akamgeukia mhazini na kumpa mkono mbele ya wote.

"Nimekuvunjia heshima," alisema. "Barua yako ni sawa."

Watu walipiga makofi. Mwanamama wa mahari akapiga vigelegele. Mhazini alipokea mkono, akasema asante, mzee wangu, akatoka nje kukohoa, na alikohoa muda mrefu sana.

Alikuja jioni, jua bado lipo, nikiwa nagonga chekeche kutoa vumbi. Alisimama mbali na vumbi, kwenye upepo.

"Kawaida ya nani?"

Niligonga chekeche mara mbili zaidi.

"Umesema kawaida yetu. Mimi sijui kawaida hiyo. Tangu lini?"

"Tangu ile sherehe ya mahari, dada."

"Ikikobolewa mara moja inatoa ngapi?"

"Sabini na nane."

Alifungua daftari, akalilaza juu ya gunia, akaandika. Alianza na elfu sabini na saba za gunia; alisema umeme utakaopungua utaliwa na mifuko itakayoongezeka, basi tuiache hivyo. Pumba kilo kumi na saba kwa mia mbili na themanini, elfu nne mia saba na sitini. Inabaki sabini na mbili elfu mia mbili na arobaini. Aligawa kwa sabini na nane kwa mkono, polepole, nami nikaona kalamu yake ikisimama.

"Mia tisa ishirini na sita," alisema. "Shilingi sabini na nne kila kilo. Nimewatoza wajane wenzangu shilingi sabini na nne kila kilo kwa ajili ya weupe."

"Wenyewe waliupenda, dada. Na leo wameridhika. Yameisha."

"Yameisha?" Alinitazama hadi nikashusha chekeche. "Walikuja kunipima. Wewe ukawapimia uongo, tena mimi nimesimama pale nimejifunga mdomo."

"Nilitaka kukusaidia."

"Ungenisaidia uliposoma barua. Nilikuuliza mara mbili wapi hujaelewa."

Alisema ataandika barua nyingine, ataisoma mkutanoni Ijumaa. Ataeleza kwamba hakuingia chumba cha mashine miezi yote ile, na hilo ni kosa lake. Ataacha wanachama wachague wenyewe, unga mweupe kwa elfu moja au wa mara moja kwa mia tisa ishirini na sita, lakini wachague wakijua. Kisha akasema jambo moja tu kuhusu mimi.

"Jina lako sitaliandika. Utasema mwenyewe. Nitasoma, halafu wewe utakoboa mara moja mbele yao, waone. Bila hivyo barua yangu ya pili itaonekana imeiua ya kwanza. Utakuja?"

"Nitakuja, dada."

Nililisema kwa moyo wote. Hata Alhamisi usiku bado nilikuwa nalisema. Ijumaa asubuhi niliamka kabla ya jogoo wa jirani, nikakunja shuka, na mikono ikaanza kupanga begi kama inavyopanga siku zote, bila kuniuliza. Nilijiambia mambo mengi. Kwamba mimi si mwanachama. Kwamba yeye anaaminika, atasikilizwa. Nilipita nyuma ya duka nisikutane na mtu wa kuniita Mweupe, nikatembea hadi Usagara, nikapanda gari la kwanza lililoelekea upande ambao sikuwahi kwenda, ingawa lilisubiri abiria hadi karibu saa sita.

Lilivuka ziwa kwenye daraja. Ziwa lilikuwa kijivu pande zote mbili, mitumbwi midogo imelala juu yake, na abiria walikuwa wanapiga picha madirishani. Kwa kawaida mimi ndiye ningekuwa nauliza nguzo zimeshuka hadi wapi. Nilikaa nimeshika begi mapajani. Simu iliita tukiwa katikati, nikaona jina, nikaiacha ikaita. Iliita tena tulipofika ng'ambo. Ilipoita mara ya nne nilikuwa nimeshashuka Sengerema, saa nane mchana, nimesimama kwenye mlango wa gesti ya vyumba sita yenye ukuta wa bluu, na dada wa mapokezi ananisubiri na daftari la wageni.

Nikapokea.

"Uko wapi?" Sauti ya mhazini ilikuwa imekauka.

"Mmeshamaliza mkutano, dada?"

"Nilisoma. Wakauliza fundi yuko wapi. Nikasema atakuja, amesema atakuja. Wakanisubiri, wakakusubiri. Mwenyekiti akatuma mtu chumbani kwako." Alivuta pumzi. "Unajua mzee wa pamba alisema nini? Alisema, mayu, juzi ulikuwa na barua na shahidi. Leo una barua nyingine, na shahidi umemtorosha. Wanasema nimekulipa nauli."

Dada wa mapokezi alisukuma daftari kuelekea kwangu, akaweka kalamu juu.

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesema nini? Kwamba sijui ulipo? Ndiyo kweli. Hakuna aliyeamini." Mlio ule mwembamba ulikuwa kwenye kifua chake, niliusikia hadi Sengerema. "Wamenipa hadi kesho saa nne. Mashine wameifunga kwa kufuli la mzee. Usipokuja wananiondoa, na karatasi zote mbili zinakwenda kwa ofisa."

Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba salio linaisha, na likaisha.

"Kaka, unachukua chumba au huchukui?" dada wa mapokezi aliuliza.

Nilichukua. Kilikuwa na kitanda, neti yenye kiraka, na dirisha linalotazama mahali watu walipoanika mahindi juu ya turubai. Nikarudi mapokezi kujaza daftari. Jina. Kabila. Kazi: nikaandika fundi mashine. Utokako: Usagara. Kwenye safu ya mwisho, uendako, kalamu ilikaa juu ya karatasi. Waliolala kabla yangu walikuwa wanaenda Geita, Kahama, Bukoba, mmoja Uganda. Niliandika, nikampa daftari. Akalisoma kwa kichwa kuinamia upande.

"Umetoka Usagara, unaenda Usagara," alisema. "Sasa huku ulifuata nini?"

"Gari la kwanza la asubuhi linaondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili. Likijaa mapema, mapema."

Nikamwomba aniamshe saa kumi na moja. Akaiandika saa hiyo kwenye kiganja chake kwa kalamu ile ile, asisahau.